Upatikanaji Ambatani: Hesabu ya Ahadi Zinazotegemeana

Anayetaka kujiandikisha kwa mtihani wa leseni ya udereva mjini Kigali hufungua Irembo, jukwaa la huduma za serikali lililoanza mwaka 2015. Anaingiza namba ya kitambulisho, na taarifa zake zinatoka NIDA, mamlaka ya vitambulisho. Anapewa namba ya ankara, analipa kwa MoMo au Airtel Money, kisha anasubiri ujumbe wa kuthibitisha. Yeye anaona huduma moja tu. Mhandisi anaona mifumo kadhaa yenye wenyewe tofauti, na kila mmoja una kiwango chake cha kuwa hewani. Swali la makala hii ni hili: viwango hivyo vikikutana, mteja anabaki na kiwango gani?

Upatikanaji ni sehemu ya muda ambayo huduma inajibu inavyotakiwa. Huandikwa kwa asilimia, lakini ni rahisi kuuelewa kwa dakika. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Mtoa huduma anayeahidi asilimia 99.9 anajiachia dakika 43 hivi za kuzimika kwa mwezi. Wa asilimia 99.5 anajiachia dakika 216, na wa asilimia 99 dakika 432, yaani saa 7 na dakika 12.

Huduma inayosimama juu ya nyingine kadhaa ina kiwango kinachotokana na viwango vyote vya chini yake. Hicho ndicho tunachokiita hapa upatikanaji ambatani. Wapo wanaoandika “upatikanaji wa jumla”, lakini neno hilo linamsukuma msomaji kujumlisha au kutafuta wastani, na viwango hivi havifanyiwi lolote kati ya hayo: vinazidishwa. “Changamano” nayo wanahisabati wameshaichukua kwa namba changamano. “Ambatani” kila aliyesoma sarufi ameikuta kwenye nomino ambatani, na hapa inafanya kazi ileile ya kutaja kitu kimoja kilichoundwa na vingine.

Tuchukue mfano wa programu ya kuagiza gesi ya kupikia. Mteja wa Kimironko, Kigali, anachagua mtungi, analipa kwa simu, anapata ujumbe, na pikipiki inaondoka. Programu inategemea vitu vitano. Seva imeahidiwa asilimia 99.95, hifadhidata 99.95, njia ya intaneti 99.9, lango la malipo ya simu 99.5, na huduma ya kutuma ujumbe mfupi 99. Hizi ni tarakimu za mfano, lakini ni za aina inayoonekana kwenye mikataba.

Kama agizo haliwezi kukamilika mpaka vyote vitano viwe hewani kwa wakati mmoja, basi vimepangwa mfululizo, kama wanafizikia wanavyosema kuhusu sakiti. Hesabu yake ni kuzidisha:

```python
ahadi = [0.9995, 0.9995, 0.999, 0.995, 0.99]
kiwango = 1
for a in ahadi:
    kiwango *= a
print(round(kiwango * 100, 2))
print(round((1 - kiwango) * 43200))
```

Jibu ni asilimia 98.31, na dakika 731 za kuzimika kwa mwezi, yaani saa 12 na dakika 11. Hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyeahidi kiwango kibovu namna hiyo. Aliye dhaifu kuliko wote alijiachia saa 7. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaangalia aliye dhaifu zaidi na kudhani mfumo wao utakuwa sawa naye, kumbe utakuwa chini yake.

Asiye na kompyuta mkononi anaweza kufika karibu na jibu hilo kwa njia ya mkato. Achukue kile kinachokosekana kwa kila mmoja kufikia asilimia 100, kisha ajumlishe. Hapa ni 0.05, 0.05, 0.1, 0.5 na 1, jumla asilimia 1.7, sawa na dakika 734. Tofauti na jibu kamili ni dakika 3 tu. Njia hii inafaa viwango vinapokuwa karibu na 100, na ina faida nyingine: inaonyesha mara moja dakika zinapotea kwa nani. Kati ya hizo 734, ujumbe mfupi peke yake unachukua 432. Kulipa zaidi ili seva itoke 99.95 kwenda 99.99 kungeokoa dakika 17 tu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mhandisi aulize ni kitu gani agizo linakihitaji kweli papo hapo. Ujumbe wa kuthibitisha unaweza kusubiri. Programu ikishapokea malipo, iandike agizo kwenye hifadhidata, imwonyeshe mteja uthibitisho kwenye skrini, kisha iuweke ujumbe kwenye foleni uende huduma itakaporudi. Ujumbe ukichelewa nusu saa, gesi inafika vilevile. Tukiutoa kwenye mfululizo, kiwango kinapanda hadi asilimia 99.30, na dakika za kuzimika zinashuka hadi 302, yaani saa 5 na dakika 2. Saa 7 zimeokolewa bila kubadilisha mkataba hata mmoja. Lakini lazima foleni ijengwe kweli. Programu inayosimama kusubiri jibu la mtuma ujumbe kabla ya kufunga agizo bado iko kwenye mfululizo, hata mchoro wa mfumo ukionyesha vingine.

Njia ya pili ni kuweka viwili vya aina moja ili kimoja kikizima kingine kiendelee. Huo ndio mpango sambamba. Hapa tunazidisha uwezekano wa kuzimika: njia mbili za intaneti za asilimia 99.9, kila moja ikiwa chini kwa 0.001 ya muda, zitakuwa chini pamoja kwa 0.000001, na kiwango kinakuwa asilimia 99.9999. Kwenye karatasi hizo ni sekunde 3 tu kwa mwezi. Ni tarakimu tamu, na inafaa kutiliwa shaka.

Tuanze na malipo. Programu yetu inaweza kupokea MoMo na Airtel Money, na mtu akadai kwamba hizo ni njia mbili sambamba. Kwa mwenye duka ni kweli kiasi, maana mauzo hayatasimama yote. Lakini mteja mwenye laini moja, fedha zake zote zikiwa MoMo, haokolewi na Airtel Money kuwa hewani. Kwake lango lile ni moja tu na hesabu yake ni ya mfululizo. Usambamba ni wa kweli pale tu ambapo ombi lilelile la mtu yuleyule linaweza kupita upande wa pili.

Sharti lingine ni kwamba njia mbili zisiwe na sababu moja ya kuzimika. Kuzidisha kule kunachukulia kwamba kuanguka kwa moja hakuhusiani na kuanguka kwa nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 Afrika Mashariki iliona dhana hiyo ikivunjika. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu siku hiyohiyo katika eneo moja la pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Kigali haina bahari. Njia zake za kutokea zinapitia nchi jirani hadi Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka huko zinaweza kutegemea nyaya hizohizo. Aliyenunua intaneti kwa kampuni mbili alikuwa na mikataba miwili na ankara mbili, lakini huenda chini ya bahari njia yake ilikuwa moja. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoa huduma wa pili linahusu ramani: nyaya zako zinavuka mpaka wapi, na zinaingia baharini kwa waya gani?

Uhusiano huohuo wa hitilafu una upande wake wa nafuu kwenye mpango wa mfululizo. Ikiwa lango la malipo na ujumbe mfupi vyote vinapita kwa kampuni moja ya simu, vitaanguka pamoja, na dakika zao za kuzimika zitapandana badala ya kufuatana. Hivyo zile 731 za mwanzo ziko karibu na hali mbaya kabisa, ambapo kila mmoja anazima kwa zamu yake. Hali bora, ambapo zote zimelaliana, ni 432 za aliye dhaifu. Ukweli utakuwa baina ya hizo mbili, watoa huduma wakitimiza ahadi.

Na ahadi yenyewe isomwe vizuri. Mikataba mingi haihesabu matengenezo yaliyotangazwa mapema. Fidia nayo ni ndogo: mkataba wa Amazon wa seva zake za EC2, kwa mfano, hurudisha asilimia 10 ya malipo ya huduma hiyo kiwango kikishuka kidogo chini ya ahadi, na zaidi kikishuka sana. Mauzo ya gesi yaliyopotea hayamo. Ahadi ni kiwango ambacho chini yake mtoa huduma anaanza kulipa. Mwezi fulani anaweza kufanya vizuri zaidi, na mwingine vibaya zaidi.

Ndiyo maana hesabu hii ipimwe. Weka simu ya kawaida Kigali, yenye laini ya kawaida, ijaribu agizo dogo la majaribio kila baada ya dakika chache, kuanzia kufungua programu hadi malipo kukubalika. Kipimo kinachokaa kituo kilekile cha data na seva hakifai, kwa sababu kinaruka njia ya intaneti anayopita mteja. Dakika za kuzimika zikizidi sana 302, ama kuna aliyevunja ahadi, ama kuna kitu mfumo unakitegemea ambacho hakikuandikwa. Mara nyingi ni hicho cha pili: huduma ya majina ya tovuti, cheti cha usalama kilichokwisha muda, au huduma ya nje ya kuingia kwa akaunti.

Mwisho, programu yenyewe haimo kwenye orodha ile ya watano. Toleo jipya lenye kasoro huzima huduma vilevile, na hakuna mtoa huduma atakayelibeba. Mwenye duka akitaka kuwaahidi wateja asilimia 99, anazo dakika 432 kwa mwezi. Wanne waliobaki kwenye mfululizo wameshachukua 302. Zilizobaki, 130, ndizo za timu yake: masasisho yote, majaribio yote na makosa yote ya mwezi mzima yatoshe humo. Akiona hazitoshi, apunguze ahadi au apunguze utegemezi kabla ya kusaini.