Sauti Nzito Isiyochosha Koo

Uzito wa sauti hutokana na nyuzi mbili za sauti zilizomo ndani ya zoloto, yaani kile kifundo cha kooni kinachopanda na kushuka mtu anapomeza. Pumzi ikipita, nyuzi hizo hutikisika: kwa mwanamume mzima mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde, kwa mwanamke mara 180 hadi 220. Zikivutwa, sauti huwa nyembamba. Zikilegea, huwa nzito. Urefu na unene wake mtu hawezi kuubadili kwa mazoezi. Anachoweza kuondoa ni ule mvuto uliozidi, unaoletwa na hofu, haraka au kelele.

Wengi hukosea hapa: huikandamiza sauti hadi chini kabisa, kidevu kikiwa kifuani, wakidhani ndiyo heshima. Mwaka 1988 wataalamu wa sauti wa Marekani waliuita uchovu wa sauti unaotokana na tabia hiyo kwa majina ya waigizaji wa filamu Humphrey Bogart na Lauren Bacall, waliosifika kwa sauti zao nzito.

Tuseme mwalimu wa kike amezoea kufundisha kwa sauti ya mitikisiko 230, na kufikia saa nane mchana koo limemkauka. Asubuhi, akiwa ametulia, anaguna "mmm" akishuka polepole mpaka sauti ianze kukatikakatika kama mlango unaolia. Noti ya mwisho iliyo safi kabla ya hapo ndiyo sakafu yake. Kwake ni kama 150, kwa kipimo cha kupangia gitaa kilicho kwenye simu. Noti hiyo anaiita do, kisha anaimba do, re, mi. Ile mi, iliyo karibu na 190, ndiyo makazi ya sauti yake. Mara nyingi ni ileile inayomtoka anapoitikia "mhm" bila kufikiri.

Kwa nini asikae kwenye do? Kwa sababu sentensi ya Kiswahili inayotoa taarifa hushuka mwishoni, na msikilizaji huisikia mamlaka katika mshuko huo. "Mtihani ni kesho" ikiishia juu, darasa husikia swali. Anayeanzia mi ana nafasi ya kushuka. Anayeanzia sakafuni hana, na silabi zake za mwisho hukwaruza tu.

Pumzi nayo ina kazi yake. Mwalimu wetu avute hewa mpaka mbavu za chini zitanuke, mabega yasipande, kisha aseme sentensi fupi na kumeza mate kabla ya nyingine. Darasa likipiga kelele asubiri, maana kushindana na kelele hupandisha sauti bila mwenyewe kujua.

Baada ya dakika 10 ajikague: kifua kikitetema kidogo chini ya kiganja na koo likiwa halina habari, yuko mahali pake. Akihisi haja ya kukohoa kohoa, ameshuka mno. Apande nusu toni. Na ukwaruzaji ukipita wiki tatu, hilo si suala la mazoezi tena, ni la daktari wa masikio, pua na koo.