Mrejeo wa Zohali

Vijana wa Moshi wanaofuata nyota wana usemi mpya: uchumba ukiyumba mtu akiwa na miaka 28 au 29, "ni Zohali." Jina la sayari hii tumelitoa kwa Waarabu pamoja na elimu ya falaki, ambamo Zohali ni nyota ya nuhusi, yenye siku yake Jumamosi. Imani ya kwamba inarudi kuwapima wapenzi imetoka kwa wanajimu wa Magharibi. Nadhani jina "mrejeo wa Zohali" linaifaa imani hiyo.

Msingi wa hesabu ni wa kweli. Zohali huzunguka jua kwa takribani miaka 29 na nusu. Binti aliyezaliwa katikati ya Julai 1996, sayari ikiwa mwanzoni mwa buruji ya Kondoo, anarudiwa pale pale mnamo Aprili 2026.

Lakini wenziwe wote waliozaliwa wiki ile, Marangu hadi Machame, wanarudiwa pamoja naye, waliotulia ndoani na wanaoachana. Kipimo kinachowagusa wote sawasawa hakiwezi kueleza kwa nini nyumba moja ivunjike na ya jirani isimame. Umri huo Uchagani una mambo yake mazito: mahari inajadiliwa, na kihamba kinagawiwa, mara nyingi kitinda mimba akibaki na nyumba ya wazazi. Mchumba wa mtoto wa katikati anauliza watajenga wapi. Swali hilo linajibiwa na wazee wa ukoo, mezani, kabla ya Krismasi kwisha na watu kurudi Dar es Salaam.