Kipande cha mzigo: kutoka reli ya Kanada hadi mkanda wa Entebbe

Kisenyi ni mtaa wa wasafiri. Umekaa katikati ya Kampala, jirani na soko la Owino. Una kituo chake cha mabasi, na una Wasomali wengi ambao ndugu zao wametawanyika Nairobi, Dubai, Istanbul na Ulaya. Mzigo unaofika hapa una njia mbili: buti la basi, au mkanda wa uwanja wa ndege wa Entebbe. Abiria wa basi anapodai begi lake, utingo humuuliza kipande. Abiria wa ndege haulizwi na mtu. Hunyanyua sanduku analoliona kuwa lake na kuondoka. Tofauti hiyo ina historia, na ndiyo inayoeleza kwa nini masanduku hubadilishana wenyewe pale Entebbe.

Kipande cha utingo kina ukoo mrefu. Tarehe 5 Juni 1882, John Michael Lyons wa mji wa Moncton, Kanada, alipewa hataza ya tiketi ya mzigo inayokatika vipande viwili. Tiketi iliandikwa kituo cha kuondokea, kituo cha kufikia na namba ya mfululizo. Kipande cha juu kilifungwa kwenye mzigo kwa ukanda, cha chini akapewa abiria. Treni ikifika, karani alilinganisha namba mbili. Zikilingana, mzigo ulitoka, zisipolingana, ulibaki. Rangi ya sanduku haikuwa na kazi katika hesabu hiyo, wala sura ya mwenye sanduku.

Ndege ziliurithi utaratibu huo wa reli. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, uliokuwa sheria ya usafiri wa anga kwa miongo mingi, uliagiza kwamba hati ya mzigo iandikwe nakala mbili, moja ya abiria na moja ya msafirishaji. Uliagiza pia hati yenyewe itamke kwamba mzigo utakabidhiwa kwa yule anayeishika. Kwa njia hiyo, hata kama watu wawili wangemiliki masanduku mapacha, haki ya kuchukua mzigo ilifungwa kwenye karatasi.

Siku zile macho nayo yalitosha. Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kibiashara, Comet ya shirika la Uingereza la BOAC, ilipita Entebbe ikitoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa na nafasi za abiria 36 tu. Mizigo ya watu 36 mtu anaweza kuikagua kwa utulivu, na masanduku ya wakati ule yalikuwa ya ngozi, mbao au bati, kila moja na makovu yake.

Mambo mawili yaliuvunja utulivu huo. La kwanza ni wingi. Ndege zilipoanza kushusha mamia ya watu kwa mara moja, karani wa kulinganisha vipande akawa kizuizi. Mkanda ukachukua nafasi yake, na viwanja vilivyobaki na mtu wa kukagua mlangoni ni vichache. La pili ni magurudumu. Bernard Sadow wa Marekani alipata hataza ya sanduku la kuburuta mwaka 1972, kisha mwaka 1987 rubani Robert Plath akatengeneza lile la kusimama wima, lenye magurudumu mawili na mshikio unaochomoka. Umbo hilo la Plath ndilo lililoenea duniani kote, na watu wengi walilipenda kwa rangi nyeusi isiyoonyesha uchafu. Ndilo unalolikuta leo kwenye maduka ya Kampala.

Namba, hata hivyo, haikutoweka. Iliboreshwa. Lebo ya leo inayozungushwa kwenye mshikio ina mistari ya kusomwa na mashine na namba yenye tarakimu 10. Tarakimu ya kwanza hueleza aina ya lebo: 0 kwa mzigo wa kawaida, 2 kwa mzigo uliochelewa unaotumwa kwa haraka. Tatu zinazofuata ni za shirika la ndege. Ethiopia ni 071, Emirates ni 176, Kenya ni 706. Sita za mwisho ndizo za begi lako. Namba hiyohiyo iko kwenye kijikaratasi cha kunata unachopewa kaunta, kile ambacho wengi hukiacha nyuma ya pasi bila kukisoma.

Tuchukue mfano wa mama wa Kisenyi anayerudi kutoka Dubai kupitia Addis Ababa. Kijikaratasi chake kimeandikwa 0071482915. Sanduku la kwanza jeusi kutokea kwenye mkanda limefungwa utepe mwekundu kama lake, naye analishika. Lebo yake inasoma 0071482951. Tofauti ni tarakimu mbili za mwisho kugeuzwa, kwa kuwa mwenye sanduku lile alipanga foleni muda mfupi tu baada yake. Mama akizisoma tarakimu zote sita, analiacha. Akisoma nne za mwanzo akatosheka, analibeba hadi Kisenyi.

Aliyebaki Entebbe anaona sanduku linalofanana na lake likizunguka, lakini kufuli si lake. Anakwenda dawati la mizigo. Wafanyakazi wanasoma lebo ya sanduku lililobaki na kupata jina la mama. Hapo hujulikana kwamba mzigo haukupotea njiani, bali umechukuliwa kimakosa. Fomu inajazwa, na maelezo ya begi yanaandikwa kwa alama za kimataifa: BK ni nyeusi, 22 ni sanduku laini la kusimama wima. Alama hizo zinatosha kuonyesha ugumu wa kazi, maana BK22 ni maelezo ya maelfu ya mabegi. Kisha wanapiga simu, na mara nyingi simu hupokewa na wakala aliyekata tiketi, kwa kuwa ndiye aliyeweka namba yake. Wakala wa mtaani anayemjua mteja wake anaweza kumpata jioni hiyohiyo. Asipompata, watu wawili watasubiri siku kadhaa.

Tangu Juni 2018, chama cha mashirika ya ndege, IATA, kinawataka wanachama wake wafuatilie kila mzigo katika hatua nne: unapopokelewa, unapopakiwa, unapobadilisha ndege na unapofikishwa. Ni hatua kubwa, lakini ufuatiliaji huo unakoma kwenye mkanda. Mkono unaonyanyua sanduku hausomwi na mashine yoyote.

Kwa hiyo utepe ni msaada wa kwanza tu. Unaweza kukatika, na wengi hufunga rangi ileile. Alama ya rangi ya mafuta pande mbili za sanduku hudumu zaidi. Shule za bweni za Uganda zinajua, maana masanduku ya bati ya wanafunzi huandikwa jina kwa rangi. Bandua lebo za safari za zamani, kwani mashine inaweza kusoma mistari ya safari iliyopita. Weka jina na simu yako mwenyewe ndani ya begi pia, kwa sababu lebo ya nje hung'oka.

Ukigundua ukiwa nyumbani kwamba ufunguo hauingii, usilazimishe kufuli na usikubaliane na mwenzako mkutane barabarani kubadilishana. Sanduku hilo ulilipitisha forodhani kama lako, na shirika la ndege bado linadaiwa kulikabidhi kwa mwenyewe. Lirudishe kwenye dawati la mizigo Entebbe pamoja na kijikaratasi chako. Hapo karani atalinganisha namba mbili, atatoa sanduku lililo sahihi na kufunga faili.