Kiimbo cha Kiswahili katika Nchi ya Toni: Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Kiswahili kilipoenea Nyeri na Karatina, kilikutana na Kikuyu, lugha ya toni ambayo kidatu chake huweza kutofautisha maneno. Toni hiyo ilichambuliwa London na Bi. Lilias Armstrong kwa msaada wa Jomo Kenyatta. Kitabu chake kilitoka mwaka 1940, miaka 3 baada ya kifo chake. Kiswahili sanifu hakina toni ya maneno, hivyo kidatu chake kiko huru kubeba nia ya msemaji.

Chukuliwe mfano wa "Mvua imenyesha". Katika taarifa, sauti huteremka hatua kwa hatua, na baada ya mkazo wa -nye- silabi ya mwisho huzama. Katika swali mpangilio wa maneno haubadiliki; sentensi huinuliwa, na -nye- hupanda zaidi kabla ya kushuka. Katika mshangao, -nye- hurefushwa na masafa ya kidatu hupanuka.

Kwa hiyo mpando ukiwa hafifu, swali husikika kama taarifa: msikilizaji huitikia tu badala ya kujibu. Hapo ndipo "je" huiondoa shaka ambayo kiimbo kimeiacha.