Kupewa Nakala, Kufutiwa Data

Tarehe 27 Aprili 2016, Brussels, Umoja wa Ulaya ulitia saini Kanuni Kuu ya Ulinzi wa Data, namba 2016/679, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Ndani yake zimo ibara mbili zinazomhusu kila anayetaka kuuaga mtandao wa kijamii. Ibara ya 15 inampa haki ya kujua kampuni ina nini juu yake na kupata nakala yake. Ibara ya 17 inampa haki ya data hizo kuondolewa. Kwa Kiswahili haki ya kwanza imezoeleka kuitwa haki ya kufikia data, na ya pili haki ya kufuta. Nashikilia kwamba tafsiri zote mbili zinamtwisha mzigo mtu asiyestahili kuubeba. Anayefikia ni mimi, anayefuta ni mimi, na kampuni haionekani kabisa katika kitenzi. Sheria yenyewe inasema kinyume chake: anayeshika data ndiye anayewajibika kutoa nakala, na yeye ndiye anayewajibika kufuta. Kiswahili kina njia fupi ya kulisema jambo hili, nayo ni kupewa na kufutiwa. Haki ya kupewa nakala, haki ya kufutiwa data. Ukisema hivyo, msikilizaji anauliza papo hapo: na nani?

Swali hilo limo ndani ya mojawapo ya malalamiko maarufu katika uwanja huu. Mwaka 2011 mwanafunzi wa sheria wa Vienna, Max Schrems, aliiandikia Facebook ya Dublin akidai data zake. Wakati huo kanuni ya sasa haikuwepo. Alitumia sheria ya Ayalandi iliyotokana na agizo la Ulaya la mwaka 1995, kwa kuwa watumiaji wote walio nje ya Marekani na Kanada walikuwa wameingia mkataba na tawi la Dublin. Akapewa faili lenye kurasa 1,222. Ndani yake mlikuwa na ujumbe aliokuwa ameufuta siku nyingi, pamoja na majina ya watu aliokuwa amewaondoa kwenye orodha ya marafiki. Kitufe cha kufuta kilikuwa kimeuondoa ujumbe machoni pake, lakini hakikuuondoa kwenye seva. Hapo ndipo nakala inapoonyesha faida yake ya kwanza: bila kurasa zile, Schrems angeendelea kuamini kwamba alichokifuta kimefutika. Alipoona pia kwamba vitu kadhaa havimo, kama vile kumbukumbu za kitufe cha kupenda kilichotapakaa kwenye tovuti nyingine, akapeleka malalamiko kwa msimamizi wa data wa Ayalandi kuanzia Agosti mwaka huohuo. Sehemu ya jibu la kampuni ilikuwa kwamba baadhi ya taarifa ni siri ya biashara.

Leo mitandao mikubwa imeweka kitufe cha kupakua. Kwenye Facebook kimekuwa kikiitwa `Download your information`, na kinapatikana ndani ya mipangilio ya akaunti. Unachagua kipindi, ubora wa picha, na muundo: HTML ya kusoma kwa macho au JSON ya kusomwa na programu. Kampuni inaandaa faili, inakuarifu likiwa tayari, na unalichukua ndani ya siku nne kabla halijaondolewa. Kosa la kawaida ni kuacha kipindi kilichochaguliwa na mfumo, ambacho huenda kikawa mwaka mmoja tu, kisha kudhani kwamba picha za zamani zimo. Njia ya kutambua ni rahisi: fungua ujumbe wa kwanza kabisa unaoukumbuka. Kama haumo, omba upya kwa kipindi chote.

Lakini kupakua si kupewa nakala kwa maana ya ibara ya 15. Kitufe kinatoa kile ambacho kampuni imekipanga kitoke. Ibara inadai zaidi: data zinatumika kwa kusudi gani, zimepelekwa kwa nani, zitakaa muda gani, na kama hazikutoka kwako, zilitoka wapi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu mbili mwaka 2023 zinazofaa kukumbukwa hapa. Ya tarehe 12 Januari ilisema kwamba mtu akitaka kujua waliopelekewa data zake, atajiwe majina yao, isipokuwa kama haiwezekani kuwatambua au ombi halina msingi au limepita kiasi. Ya tarehe 4 Mei ilieleza kwamba nakala lazima iwe ya data zote za mhusika, aminifu na inayoeleweka. Neno hilo la mwisho, inayoeleweka, lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Faili za JSON za Facebook zimejulikana kwa kasoro moja: herufi zenye alama, na vikaragosi pia, huandikwa vibaya, hata neno la Kifaransa `café` likasomeka `caf\u00c3\u00a9`. Anayejua Python, akishalisoma faili kwa moduli ya `json`, huirekebisha kwa mstari mmoja:

```python
maandishi.encode("latin-1").decode("utf-8")
```

Mkazi wa Brussels aliyeandikiana na watu kwa Kifaransa kwa miaka kumi ataikuta kasoro hiyo karibu katika kila mazungumzo. Sioni kwa nini yeye ndiye atafute fundi. Kama sheria inasema apewe nakala inayoeleweka, kuirekebisha ni kazi ya mtoaji.

Kuhusu kufutiwa, najua pingamizi litakalokuja kwanza. Katika Kiswahili cha kila siku kufutiwa ni balaa: mwanafunzi hufutiwa matokeo, dereva hufutiwa leseni. Kwa nini tuite haki kwa neno la hasara? Jibu ni kwamba kitenzi chenyewe hakina hasara wala faida. Kinataja tu kwamba mwenye mamlaka juu ya daftari amefuta jambo linalomhusu mwingine. Ndiyo maana mtu hufutiwa deni pia, na mshtakiwa hufutiwa mashtaka, na wote wawili hurudi nyumbani wakishukuru. Akaunti yako iko kwenye daftari la mwingine, na mwenye kalamu ni yeye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 humwita mwenye kalamu huyo mkusanyaji. Kufuta ni wajibu wa mkusanyaji. Kwako ni kufutiwa.

Tofauti hii inadhihirika unapobonyeza kitufe. Facebook ina milango miwili iliyo jirani. Wa kwanza unasitisha akaunti: wasifu unafichwa, data zote zinabaki, na ukiingia tena kila kitu kinarudi. Wa pili unaanzisha ufutaji wa kudumu, lakini kwa siku 30 za mwanzo kampuni haifuti. Inangoja ubadili nia, na kuingia kwenye akaunti kunakuwezesha kusimamisha ufutaji. Siku hizo zikiisha, kampuni inasema kuondoa kila kitu kunaweza kuchukua hadi siku 90, na baadhi ya nakala za akiba zinaweza kukaa zaidi. Ujumbe uliowatumia wengine unabaki kwenye visanduku vyao. Kwa hiyo anayesema nimefuta akaunti, siku ile ile aliyobonyeza, amesema jambo ambalo halijatokea.

Na akaunti si data zote. Brussels yenyewe ndiko jambo hilo lilikopimwa mahakamani. Tume ya faragha ya Ubelgiji iliishtaki Facebook mwaka 2015 kwa sababu ya kuki iitwayo `datr`, iliyowekwa kwenye kivinjari hata cha mtu asiyekuwa na akaunti na kudumu humo miaka miwili. Februari 2018 mahakama ya mwanzo ya Brussels iliiamuru kampuni iache kuwafuatilia watu hao na iharibu data zilizokusanywa kinyume cha sheria, la sivyo ilipe euro 250,000 kwa siku, hadi milioni 100. Kampuni ilikata rufaa, na suala la mamlaka ya msimamizi wa Ubelgiji likafika Mahakama ya Haki, iliyotoa uamuzi Juni 2021. Mvutano huo wa mamlaka siuingii hapa. Ninachokitaka ni ushahidi wake: mtu anaweza kuwa na data ndani ya mtandao bila kuwa na akaunti. Basi kufunga akaunti hakutoshi kuwa tafsiri ya ibara ya 17.

Hebu tufuate ratiba ya mtu wa mfano, mkazi wa Matonge, Ixelles, anayetaka kuondoka Facebook mwaka huu. Tarehe 2 Machi anapakua faili lake, na siku hiyohiyo anaiandikia kampuni ombi la ibara ya 15, akitaja yale ambayo faili halina: waliopelekewa, muda wa kuhifadhi, chanzo. Kampuni ina mwezi mmoja, yaani hadi tarehe 2 Aprili. Ikiwa ombi ni tata inaweza kujiongezea miezi miwili, lakini sharti imwarifu ndani ya mwezi ule wa kwanza. Anangoja. Wakati huo anabadili namna ya kuingia kwenye programu nyingine alizozifungulia kwa akaunti ya Facebook, maana baadaye hataweza kuingia kwa njia hiyo. Jibu likifika, analilinganisha na faili. Ndipo anaomba kufutiwa.

Wapo wasemao kwamba kungoja huko ni kuipa kampuni muda wa kukusanya zaidi, na kwamba aliyechoka afute leo. Hoja yao ina ukweli, na sheria haimlazimishi mtu kuchukua nakala kwanza. Lakini akaunti ndiyo njia rahisi ya kuthibitisha kwamba mwombaji ni yeye. Ikishaondoka, kampuni ikiwa na shaka ya haki inaweza kudai uthibitisho zaidi, na ikionyesha kwamba haiwezi tena kumtambua, ibara ya 11 inaiondolea wajibu wa kutoa nakala. Aliyetanguliza kufutiwa huenda asijue kamwe alichofutiwa.

Pingamizi zito zaidi linahusu wengine. Mazungumzo yangu ni yako pia, na nakala yangu imebeba maneno yako. Kanuni imeliona hilo: nakala isidhuru haki za watu wengine. Lakini kifungu hicho hakihalalishi kunyima nakala nzima. Kinaruhusu kuziba kile kinachomdhuru mwingine na kutoa kilichobaki. Vivyo hivyo ibara ya 17 inaruhusu kampuni kubakiza data zinazohitajika kwa wajibu wa kisheria au kwa madai mahakamani. Hata hapo kitenzi cha kufutiwa kinasaidia, kwa sababu aliyekataa kufuta anatajika, na anapaswa kueleza kwa nini.

Mwezi ukipita kimya, mkazi wetu wa Matonge anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ulinzi wa Data ya Ubelgiji, Rue de la Presse 35, Brussels, ambayo katika kesi dhidi ya Facebook itashirikiana na msimamizi wa Dublin. Lalamiko liandikwe kwa lugha mojawapo ya nchi: Kiholanzi, Kifaransa au Kijerumani. Aambatanishe ombi la tarehe 2 Machi, uthibitisho kwamba lilitumwa, na jibu lolote alilopata. Hivyo ni vitu vya kuhifadhi nje ya akaunti kabla ya kubonyeza chochote.