Jinsi ya kutengeneza jedwali la kufuatilia marudio ya kozi

Fungua Google Sheets, nakili matokeo ya kujifunza kutoka kwenye muhtasari wa kozi, kila moja mstari wake, safu A kuanzia A2. Tokeo kama "kueleza na kukokotoa mfumuko wa bei" ligawe mara mbili, maana mtu anaweza kueleza vizuri tu lakini hesabu ikamshinda.

Safu B ni kiwango cha kujiamini, 1 hadi 4. C ni tarehe uliyorudia mara ya mwisho. Kwenye D2 andika:

```
=C2+CHOOSE(B2,1,3,7,14)
```

Ukiweka 2 na tarehe 3 Machi 2025, inatoa 6 Machi. Ikitoa 45722, badili muundo wa safu uwe tarehe.

Alama jipe baada ya kujibu swali bila kuchungulia daftari. Ukijipa mara tu baada ya kusoma, karibu zote zitakuwa 4.