Linganisha uzani wa lori na daraja la leseni kabla ya kulinunua

MNUNUZI wa lori kuukuu huuliza kwanza bei na hali ya injini. Ni wachache wanaouliza iwapo leseni waliyo nayo inawaruhusu kuliendesha.

Katika mfumo wa madaraja wa NTSA, daraja B ni la magari mepesi yasiyozidi kilo 3,500. C1 ni la malori mepesi yasiyozidi kilo 7,500, na yaliyo mazito zaidi yanahitaji daraja C.

Kosa la kawaida ni kusoma uzani usiofaa. Kitabu cha umiliki huonyesha uzani wa gari likiwa tupu. Kinachoamua daraja ni uzani wa juu ulioidhinishwa, yaani gari pamoja na shehena, mafuta na watu. Utaupata kwenye kibati cha mtengenezaji, ambacho aghalabu huwa karibu na mlango wa dereva, mbele ya herufi GVW. Hivyo basi, lori la C1 haligeuki kuwa la daraja B kwa sababu tu halijapakiwa.

Chukua mfano wa lori ambalo kibati chake kinasema kilo 7,500, ekseli ya mbele kilo 2,700 na ya nyuma kilo 5,000. Likiwa tupu lina kilo 3,600, na dereva, utingo na mafuta huongeza takriban kilo 200. Shehena inayobakia ni kilo 3,700, sawa na magunia 41 ya mahindi ya kilo 90. Mwenye kutaka kubeba magunia 50 atafikisha kilo 8,300. Anahitaji lori kubwa zaidi, na leseni ya daraja C.

Hata hayo magunia 41 yanaweza kuleta balaa. Tuseme kabla ya kupakiwa ekseli ya nyuma inabeba kilo 1,650. Yakirundikwa juu yake moja kwa moja, itafikia takriban kilo 5,340, ilhali uzani wa jumla uko sawa. Yakisambazwa kuelekea mbele, ekseli ya mbele hubeba sehemu yake.

Usijifariji kwamba sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Kikomo hicho hulinda barabara, wala hakiimarishi springi, tairi na breki za lori dogo.

Kifungu cha 30 cha Sheria ya Trafiki kinamzuia mtu kuendesha gari la daraja lisiloidhinishwa katika leseni yake, na kinamzuia mwenye gari kumkabidhi dereva wa aina hiyo. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipia lori lenyewe.

Kwa hivyo, soma kibati kabla ya kulipa arbuni. Kikiwa kimeng'olewa au kufutika, mtake muuzaji athibitishe uzani huo kwa stakabadhi.